"Kwa makazi tu": barua niliyomwandikia fundi wa chumba cha nne

Karibu kila agrimenti ya kupanga hapa Busia ina ule mstari wa "kwa makazi tu" na watu wanasaini bila kuusoma, mpangaji juu anataka ufunguo haraka kabla mwingine hajakichukua chumba, mwenye nyumba juu anataka kuhesabu pesa yake. Zile agrimenti zenyewe zinachapwa steshonari, ni karatasi moja ileile wanabadilisha majina tu, na mimi nimeona hadi za nyumba ambayo haina geti zikimkataza mpangaji kuegesha gari mbele ya geti. Kwa hiyo mstari unakaa kwenye faili miaka na hakuna anayeukumbuka hadi siku majirani wanaanza kununa.

Mimi ndiye ninayemsimamizia shangazi yangu vyumba vyake, mstari wa vyumba nane upande huu wetu wa Uganda, sio mbali na barabara ya mpakani. Yeye umri umeenda, hataki kelele za kodi. Na hii makala naiandika juu jamaa wawili tayari wameniuliza walivyosikia habari ya fundi wetu wa kushona nguo, mmoja ni mwenye nyumba anataka kumzuia mpangaji asichomee vyuma uani, mwingine ni mpangaji ameandikiwa barua na hajui kama ni ya kweli au ni ya kumtisha. Nikaona badala ya kurudia simu nieleze yote mara moja.

Fundi wa chumba cha nne ni mama mtu mzima, mtaratibu, kodi analipa bila kufuatwa. Alikuja na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, akaiweka dirishani, anashona nguo za majirani jioni. Nani angemlaumu? Mtu kupunguza suruali au kushonea mtoto wa jirani yunifomu hapo dirishani bado anaishi pale, chumba bado ni chumba. Halafu ikaja cherehani ya umeme. Halafu ovaloki. Halafu wasichana wawili wa kumsaidia, benchi la wateja kwenye veranda, na mwisho kabisa kibao cha mbao pale getini kimeandikwa kwa rangi "Fundi wa Yunifomu na Gomesi" na mshale unaoelekeza ndani. Siku kibao kilipopigwa msumari ndio mambo yaligeuka, juu kuanzia hapo watu wasiojulikana wakawa wanaingia kwenye kiwanja saa yoyote.

Kitu ambacho wengi hawakielewi ni hiki: kosa halikuanza kwa sababu anapata hela akiwa chumbani. Mtu akikaa na laptopu yake anafanyia hesabu kampuni ya watu, au anapokea oda za vitenge kwenye simu na kuvipeleka kwa boda, kisheria unaweza kubishana naye mwaka mzima kama hiyo ni "kutumia nyumba kwa biashara", na mimi binafsi sitapoteza karatasi kwa huyo. Ninachoangalia ni kama matumizi yamebadilisha chumba chenyewe. Kuna wafanyakazi wasioishi hapo? Kuna wateja wanaingia na kutoka? Kuna kibao? Kuna mashine ambazo nyumba ya kawaida haina? Kuna mizigo inashushwa? Ukijibu ndiyo mara mbili tatu, hapo mstari wa makazi umevunjwa na hata ukimpelekea hakimu ataona bila miwani. Kwa fundi wetu jibu lilikuwa ndiyo kwa yote.

Januari ndio ilimaliza uvumilivu wa watu. Shule zinafungua muhula wa kwanza mwezi wa pili mwanzoni, kwa hiyo Januari yote ni yunifomu, na zile mashine zilikuwa zinalia hadi usiku wa manane, ukuta wa chumba cha tatu na cha nne ni tofali moja tu, mtu wa cha tatu ni mlinzi analala mchana na usiku akiwa ofu hapati usingizi.

Lakini kelele nilikuwa naweza kuzizungumza. Vilivyonishinda ni viwili, umeme na choo.

Umeme wetu ni Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, mita moja kwa vyumba vinne, wanachanga sawasawa. Sasa watu walikuwa wanalaumu cherehani, na mimi nikawaambia hapana, mota ya cherehani ya nyumbani inakula kidogo, kama balbu moja kubwa ya zamani. Mla umeme ni pasi. Pasi ya wati 1000 ikiwaka kweli masaa matatu ni yuniti tatu, na yunifomu haiuzwi bila kupigwa pasi, marinda ya sketi ndio kabisa. Yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa na bei ya chini, shilingi 250 kila moja, baada ya hapo ulikuwa unaruka hadi zaidi ya 700. Kwa hesabu hiyo pasi ya chumba kimoja ilikuwa inamaliza yuniti za bei rahisi za vyumba vinne ndani ya jioni tano, alafu mwezi wote uliobaki kila mtu ananunua kwa bei ya juu. Bibi wa chumba cha kwanza ambaye ana balbu moja na redio alikuwa anachanga sawa na fundi. Huyo ndiye aliyenifuata analia, na alikuwa na haki.

Choo nacho. Ni choo cha shimo, kinatumika na vyumba vyote nane, na sasa wateja nao, na wale wasichana wawili. Kikajaa mapema. Tukaita lori la kunyonya, vijana wakaingiza bomba, likavuta kidogo likakwama. Wakalitoa, wakafungua mdomo wake, na kukawa na kitu kama kamba nene ya matambara imejisokota, bluu ya sketi za shule na nyeupe ya mashati, mabaki ya kukatia. Wasichana walikuwa wanafagia chini na kutupa humo. Vijana wakasema wataendelea tu kama mtu atavua matambara kwa ndoano kwanza, na hiyo kazi ina bei yake tofauti, na nikalipa. Nyinyi mnaojenga vyoo vya shimo mjue, kitambaa hakiozi upesi kama karatasi na ndicho kinachoua bomba la lori.

Shangazi akataka tufunge chumba kufuli fundi akienda sokoni. "Nyumba ni yangu, mwanangu, nangoja nini?" Nikamuomba akae kwanza. Tuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, na moja ya mambo iliyoweka wazi ni kwamba mpangaji hatolewi kwa nguvu, kumtoa kunapitia kortini, na mwenye nyumba akijichukulia sheria mkononi anakuwa yeye ndiye mwenye kesi. Kumfungia mlango, kung'oa bati, kumkatia umeme ili achoke mwenyewe, hizo ni mbinu za zamani ambazo siku hizi zinampa mpangaji nguvu. Fundi angeenda polisi na kufuli yetu ikiwa mlangoni na mitambo yake ndani wakati wa msimu, angeanza kudai hasara ya kila oda, na mjadala wa choo na pasi ungeishia hapo.

Basi nikatoa agrimenti. Kipengele cha sita kilikuwa kinasema chumba kitatumika kwa makazi tu na mpangaji hatafanya biashara ndani yake bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Cha nane, asiwasumbue wapangaji wengine. Cha kumi, asibandike wala kujenga chochote nje bila ruhusa. Cha kumi na moja, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Nikafurahi na yale maneno "ya maandishi", na kabla sijamaliza kufurahi shangazi akaniambia taratibu kwamba gomesi yake, lile gauni la sherehe alilovaa harusini mwaka jana, ilishonwa pale chumba cha nne. Kwa bei ya punguzo. Na alimletea fundi wateja wa kikundi chao cha akiba wote.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanaanguka. Umeona mpangaji anafanya biashara, ukanyamaza, ukapokea kodi mwezi baada ya mwezi, tena umevaa nguo aliyoshona. Ukimshtaki leo ghafla kwamba amevunja mkataba, atasema mwenye nyumba alijua na alikubali, na kwa ile miezi iliyopita ana hoja, mtu hawezi kula kodi huku anajua kosa halafu alitumie kosa lilelile kumfukuza. Kinachomwokoa mwenye nyumba ni mawili. Kwanza, kosa la matumizi halikuisha jana, linaendelea kila siku mashine inapowashwa, kwa hiyo kukubali kodi ya zamani hakumaanishi umekubali milele. Pili, ni yale maneno ya kipengele cha sita, kwamba ruhusa iwe ya maandishi, na gomesi sio maandishi. Lakini ukishagundua lazima useme, na useme kwa karatasi, na kodi inayofuata ukiipokea andika kwenye risiti kwamba kuipokea sio kuruhusu biashara. Mimi niliandika hivyo hivyo, mstari mmoja mdogo chini ya risiti.

Kabla ya barua nilienda kuongea naye. Nilimpigia siku moja kabla, sikumvamia, nikakuta amekatia kitambaa sakafuni hadi mlangoni, kitanda kimeegemezwa ukutani kimesimama wima. Nikamuuliza wanalala wapi, akacheka, "Kaka, Januari mimi silali." Nikamueleza habari ya Yaka na choo. Ya choo aliona aibu kabisa, alikuwa hajui wasichana wanatupa wapi. Ya biashara alikuwa mkali: "Hajati shangazi yako mwenyewe ni mteja wangu. Na yule wa chumba cha sita anayeuza mkaa kwa debe, yeye mmemuandikia?"

Hakuwa ameandikiwa. Na hilo swali linauma hata kama kisheria halimsafishi yeye, juu mkataba wa chumba cha sita ni mkataba mwingine. Ila ukibana mmoja na kumwachia mwingine unaonekana una chuki, na kwa mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji, mambo ya kuonekana yana uzito kuliko vipengele.

Barua niliandika usiku ule. Ukurasa mmoja. Sikuweka "unaamriwa" wala "hatua kali zitachukuliwa" kama barua za watu wanaojifanya mawakili. Niliweka tarehe, jina lake, namba ya chumba, na tarehe ya agrimenti. Nikanakili kipengele cha sita, cha nane na cha kumi neno kwa neno, juu ukiandika tu "umevunja masharti" mtu atakuuliza yapi. Kisha nilichokiona kwa macho yangu na tarehe yake: mashine tatu, wafanyakazi wawili wasioishi hapo, benchi, kibao getini, mabaki ya kitambaa chooni. Sikuandika nilichosikia. Kisha nilichotaka kikome, na hapa ndipo barua nyingi zinaharibika. Nyingi zinasema "acha biashara" basi, na mpangaji hajui kama hata sindano ni haramu. Mimi nikatenganisha: kibao, benchi, wafanyakazi, ovaloki na pasi ya biashara viondoke, cherehani moja kwa kazi zake ndogo mchana tunaweza kuizungumzia. Mwisho nikaweka siku ya mwisho, na nikasema isipotekelezwa tutatoa notisi ya kumaliza upangaji chini ya kipengele cha kumi na moja, na ikibidi tutaenda kwa hakimu.

Hapo watu wanachanganya sana kwa hiyo naomba mnisikilize. Barua ya kumtaka arekebishe ni kitu kimoja na notisi ya kuhama ni kitu kingine. Ya kwanza inasema rudi kwenye mkataba, mkataba bado uko hai. Ya pili inasema mkataba unaisha tarehe fulani. Ukiziweka kwenye karatasi moja, "acha biashara na pia uhame mwisho wa mwezi", mpangaji makini atauliza anarekebisha ili iweje kama anahama tu, na hakimu naye atajiuliza ulikuwa unataka nini. Na hata hiyo ya pili sio ruhusa ya kumtoa, ni karatasi ya kwenda nayo kortini kama muda umeisha na bado yuko ndani.

Siku ya mwisho niliiweka katikati ya mwezi wa pili, sio wiki moja kama shangazi alivyotaka. Huruma kidogo ilikuwepo, lakini zaidi ni hesabu. Alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya yunifomu, ukimfungia katikati ya Januari atagoma kwa sababu hana pa kupeleka deni la watu, na muda ambao mtu hawezi kuutekeleza hata mwenyekiti atauona ni wa kukomoa.

Nilichapa nakala mbili. Nilimsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, juu agrimenti ya steshonari ilikuwa ya Kiingereza na yeye alisaini akiwa ameelezwa juu juu. Akakataa kusaini nakala yangu, akidhani kusaini ni kukubali kosa. Watu wengi wanafikiri hivyo. Nikamuongezea kwa kalamu juu ya sehemu ya sahihi, "nimepokea tu, sijakubali yaliyomo", akasaini. Angeendelea kukataa ningemuachia barua mbele ya katibu wa LC1 naye aandike kwamba ameshuhudia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka shauri kwa mwenyekiti, na nilifurahi. Tulikaa chini ya mwembe wake, fundi, mimi, shangazi, mlinzi wa chumba cha tatu na yule bibi wa balbu moja. Mwenyekiti hana uwezo wa kumtoa mtu kwenye nyumba na alisema hivyo mapema, ila kikao chake kinaandikwa na mkikubaliana mnasaini, na karatasi hiyo ukienda nayo mbele inasaidia. Fundi akaleta ya gomesi. Shangazi akajibu vizuri kuliko nilivyotegemea: "Gomesi nilivaa, na nikakulipa. Sikukuambia uniletee geti la sokoni." Watu wakacheka na hapo joto likashuka.

Alichokuwa anaogopa fundi hasa, ikatoka baadaye, ni leseni. Watu wa manispaa walikuwa wameshapita kuulizia kibao na leseni ya biashara, na akienda kuikata wanamuuliza biashara iko wapi, naye hana cha kujibu zaidi ya chumba cha kulala. Shangazi naye alikuwa ameambiwa na rafiki yake kwamba chumba kikigeuka duka watu wa kodi wa URA watamtoza zaidi. Nikamtoa wasiwasi huo palepale: kodi ya mapato ya nyumba anayotozwa mtu binafsi inahesabiwa kwenye pango analopokea, liwe la mlinzi anayelala au la fundi anayeshona.

Tulichoandika chini ya mwembe kilikuwa kifupi. Ovaloki, wasichana na kibao vinahamia kwenye chumba cha mbele ya barabara cha mtu mwingine, na mwenyekiti ndiye aliyemtafutia mwenye chumba. Chumba cha nne kinabaki na cherehani moja, mwisho saa mbili usiku, bila wateja ndani ya kiwanja. Mita ndogo inafungwa kwenye laini yake, gharama nusu kwa nusu, na analipa alichokula. Ile hela ya kuvua matambara analipa yeye yote, kwa awamu mbili. Na tukaongeza sentensi ambayo nawashauri wote muweke: hii ruhusa ni ya cherehani hiyo moja, inaweza kuondolewa kwa notisi ya mwezi, na haifuti kipengele cha sita. Bila hiyo sentensi mwakani utaambiwa ulisharuhusu biashara kwa maandishi, na safari hii itakuwa kweli.

Alihama na mashine zake wiki moja kabla ya siku ya mwisho, msimu ulikuwa umeisha. Mita ndogo ilichelewa juu fundi wa umeme alikuwa anatuzungusha, na kwa huo mwezi tulikubaliana fundi wa chumba cha nne achange mara mbili ya wengine, hakubisha. Chumba cha barabarani anasema kodi yake ni kubwa lakini wapita njia wanamuona, leseni amekata.

Yule wa mkaa chumba cha sita barua yake nilimpelekea wiki hiyohiyo. Amesaini bila maneno, akaniuliza tu kama gunia moja la kupikia mwenyewe linaruhusiwa. Linaruhusiwa. Debe la kupimia ndio nimemwambia liondoke.